Nani Anywe Kwanza? Uhakiki wa Hadithi Fupi "Kifuniko"

Hadithi fupi "Kifuniko", iliyoandikwa na mwanafunzi mwenzetu na kusomwa darasani, ina wahusika wawili tu. Bibi mmoja Mhaya anarudi Bukoba, na kijana wa Gulu anakwenda Mwanza kutafuta kazi. Wanakaa kiti kimoja katika basi lililotoka Kampala jioni. Bibi ana chupa ya chai ambayo ndani yake hamna chai, bali kahawa yenye sukari nyingi. Kwa kuwa hakubeba kikombe, kifuniko cha chupa ndicho kikombe chao wote wawili. Msuko wa hadithi hauna zaidi ya hayo. Hata hivyo, ina mgogoro, na mgogoro huo umefichwa ndani ya kifuniko.

Anayesafiri na mabasi yetu ameonywa tangu utotoni asipokee chakula wala kinywaji cha mtu asiyemjua, kwa sababu wapo abiria walioleweshwa dawa wakaamka hawana mizigo. Kwa hiyo bibi anaponyoosha mkono wake karibu na Masaka, kijana anakataa na kusema ameshiba. Mwandishi amefanya vizuri kuifanya kahawa iwe tamu. Kahawa chungu ingemwezesha mnywaji kuhisi ladha ngeni, lakini utamu unaweza kuficha kitu. Ukarimu wa bibi ndio unaomtia kijana shaka.

Tukio bora la hadithi linafuata. Bibi habishani naye. Anamimina, anakunywa nusu ya kifuniko, kisha anampa kijana nusu iliyobaki. Kwetu mwenyeji huonja kwanza ili mgeni aone kuwa kinywaji ni salama, na mwandishi ameihamishia desturi hiyo ndani ya basi bila kuitaja. Zingatia kuwa kifuniko ni kimoja. Kama vingekuwa viwili, kuonja kwa bibi kusingethibitisha lolote, kwa sababu dawa ingeweza kuwekwa katika kile cha kijana. Hapa kifaa kidogo cha safari kinafanya kazi ambayo maelezo marefu yasingeiweza.

Lugha ya wahusika nayo inapima umbali kati yao. Mwanzoni kijana anasema, "Habari yako, mama," na bibi anajibu kwa ufupi, kwani alitarajia shikamoo. Yeye anamwita "kijana". Baada ya Mutukula, ambako abiria wote hushuka kugongewa mihuri, kijana amewasikia wenzake kwenye foleni wakiwaamkia wazee. Anaporudi kitini anatoa shikamoo yake ya kwanza, kwa kusitasita. Bibi anacheka, anaitikia marahaba, na kuanzia hapo anamwita "mjukuu wangu". Sisi tuliojifunza Kiswahili darasani, si nyumbani, tunaijua aibu ya kijana huyu.

Udhaifu wa hadithi uko mwishoni. Kabla ya kushuka Bukoba, bibi anatoa mbuni mkavu wa kutafuna, anaupasua, anakula punje moja na kumpa kijana ya pili. Ishara hii ingetosha. Lakini msimulizi anaongeza aya nzima kueleza kuwa zamani katika Buganda watu wawili waligawana punje za mbuni mmoja, zikiwa zimepakwa damu yao, wakawa ndugu kwa kiapo, desturi iitwayo omukago. Kisha anatangaza kuwa bibi na kijana sasa ni ndugu.

Mwandishi alipoulizwa alijitetea kuwa msomaji wa Mombasa haijui desturi hiyo. Hoja yake ina uzito, ila mahali pa maelezo si hapo. Karibu na Masaka basi linapita nyumba zilizoanika kahawa uani. Abiria mmoja angeweza kuitaja omukago kwa sentensi mbili, na msomaji angefika Bukoba akiwa tayari.

Kosa kubwa zaidi ni kwamba tangazo hilo si kweli. Omukago ulikuwa na kiapo, na aliyekula punje alifungwa na wajibu kwa ndugu yake maisha yote. Wawili hawa hawakuapa. Hadithi yenyewe inatuonyesha kuwa hawakuulizana hata majina. Walichokuwa nacho ni kuaminiana kulikodumu kwa muda wa chupa moja ya kahawa, na hilo si jambo dogo kwa kijana aliyepanda basi akiwa ameikumbatia begi yake.

Ningeifuta aya hiyo na kuiacha hadithi iishie kwenye sentensi inayoitangulia, ambapo basi linaondoka Bukoba na kijana, badala ya kuikumbatia begi, ameiweka chini ya kiti.