Kipande Ulichokata Kimeenda Wapi?

Tuseme kuna mfanyabiashara wa ng'ombe hapa Emali anayetaka kumwonyesha mnunuzi wa Nairobi kwamba amelipia lori. Anapiga skrinshoti ya ujumbe wa M-Pesa, na papo hapo juu ya skrini unashuka ukanda wa arifa: mkopo wake wa simu umechelewa. Anaukata ukanda ule na kutuma picha. Machoni umetoweka. Kama umetoka pia ndani ya faili ni suala jingine, na jibu linategemea programu iliyokata.

Machi 2023 watafiti wawili, Simon Aarons na David Buchanan, walitangaza kasoro katika Markup, programu ya kuhariri skrinshoti kwenye simu za Google Pixel. Waliiita aCropalypse. Mtu alipokata picha, Markup iliandika picha mpya, ndogo, juu ya faili lilelile la zamani, bila kwanza kulifupisha. Chanzo kilikuwa herufi moja. Kuanzia Android 10, programu iliyofungua faili kwa hali ya kuandika ya `"w"` haikufutiwa tena yaliyomo. Ili yafutwe, ilibidi iombe `"wt"`. Markup iliendelea na `"w"`, kwa hiyo mkia wa picha ya awali ulibaki nyuma ya picha mpya. Faili la PNG huishia kwenye alama ya `IEND`, na programu za kutazama picha hazisomi kinachofuata hapo. Ndiyo maana hakuna aliyeona kitu.

Lakini mkia huo haubebi kila kitu. PNG huhifadhi mistari ya picha kutoka juu kwenda chini, hivyo kinachosalia mwishoni mwa faili ni sehemu ya chini ya skrinshoti. Tuseme picha ya yule mfanyabiashara ina upana wa pikseli 1080 na urefu wa 2400. Akikata 300 za juu zenye arifa, picha mpya inabaki kubwa karibu kama ile ya kwanza na inaandikwa juu ya karibu faili lote. Mkia unaobaki ni mfupi, tena ni wa sehemu ya chini ambayo hakuwa ameificha. Aliyeumia hasa ni yule aliyekata kipande kidogo cha juu na kutupa nusu ya chini yenye anwani au namba ya kadi. Kwa kasoro hii, basi, arifa na vichupo vya kivinjari, ambavyo kwa kawaida hukaa juu, vilikuwa salama kuliko watu walivyodhani.

Hatari kubwa zaidi ya kufichuliwa kwa arifa na vichupo hivyo naiona saiba. Mteja huleta skrinshoti, mhudumu huibandika kwenye Word, hukata arifa humohumo kwa `Crop`, kisha hutuma faili kwa barua pepe. Word hapo haijakata kitu. Imeficha tu sehemu ile na kuiacha picha nzima ndani ya faili. Atakayelipokea faili anaweza kubofya picha, kuchagua `Crop`, na kuvuta ukingo juu: mkopo uliochelewa unarudi wote, na kiasi chake.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Faili la docx ni kifurushi cha zip. Nakili faili, badilisha jina la nakala kutoka `risiti.docx` kuwa `risiti.zip`, ifungue, kisha tafuta folda hii:

```
word/media/
```

Picha iliyomo ndiyo Word inayoihifadhi kweli. Ukiona ukanda wa arifa juu yake, hujakata kitu. Dawa ipo ndani ya Word yenyewe: bofya picha, nenda `Picture Format`, kisha `Compress Pictures`, weka alama kwenye `Delete cropped areas of pictures`, kubali, na uhifadhi. Baada ya hapo tengeneza nakala mpya ya faili, ibadilishe jina vilevile, na uangalie folda ile tena. Usiridhike na kinachoonekana kwenye ukurasa.

Njia iliyo bora kwangu ni kutokuipa Word kazi hiyo kabisa. Kwenye Windows, bonyeza `Windows+Shift+S` na uchore mstatili kuzunguka maandishi unayoyataka tu. Vichupo haviingii kwenye picha tangu mwanzo, na hakuna cha kufichua baadaye. Kwenye simu, washa hali ya kutosumbuliwa kabla ya kupiga skrinshoti.

Kuhusu Pixel, Google ilirekebisha Markup katika sasisho la usalama la Machi 2023. Microsoft nayo mwezi huohuo ilirekebisha kasoro ya aina hiyo katika `Snipping Tool` ya Windows 11. Lakini sasisho haligusi picha zilizokwisha kutumwa. Ukituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, huandikwa upya na mkia hupotea. Ukiituma kama dokumenti, faili hufika jinsi lilivyo. Kwa hiyo kama uliwahi kukata picha kwa Markup kwenye Pixel kabla ya sasisho hilo na kuituma kama dokumenti, ichukulie sehemu uliyoikata kuwa bado iko kwa aliyeipokea, na kama ilikuwa na namba ya kadi, badilisha kadi hiyo.