Kukagua Bei za Lodwar na Kakuma kabla ya Kuzichapisha

Mwaka 2015 sehemu ya msaada wa chakula katika kambi ya Kakuma ilianza kutolewa kwa mpango wa Bamba Chakula, ambao ulimpa mkimbizi thamani ya shilingi kupitia simu ili anunue mwenyewe kwa wafanyabiashara walioidhinishwa. Msaada unapotolewa kwa namna hiyo, kiasi cha chakula kinachofika jikoni hutegemea bei ya sokoni, na kwa sababu hiyo jedwali la bei lenye kosa humpotosha kila anayelitumia kukadiria mahitaji ya kaya. Uchambuzi huu unaeleza jinsi skripti ya kusasisha jedwali la namna hiyo, yaani programu fupi inayorudia kazi ileile kila inapoamriwa, inavyoweza kupewa hali ya jaribio, ambamo data huletwa na kukaguliwa kikamilifu lakini haichapishwi.

Chanzo kinachofaa kwa mfano huu ni faili la bei za vyakula nchini Kenya linalotayarishwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) na kupatikana katika jukwaa la HDX, ambalo huendeshwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu. Kila mstari wa faili hilo hubeba bei moja, na miongoni mwa safu zake zimo `date`, `market`, `commodity`, `unit`, `pricetype` na `price`, yaani tarehe, soko, bidhaa, kipimo, aina ya bei na bei yenyewe. Skripti huchagua mistari ya masoko ya Lodwar na Kakuma, huilinganisha na jedwali lililokwisha kuchapishwa, kisha huweka jedwali jipya mahali pa lile la zamani.

Mpangilio wa hatua hizo ndio unaoamua kama jaribio litakuwa na thamani. Muundo ufaao ni huu:

```python
def sasisha(jaribio):
    ghafi = leta(CHANZO)
    mistari = soma(ghafi)
    kasoro = kagua(mistari, jedwali_la_sasa())
    toa_ripoti(mistari, kasoro)
    if kasoro:
        return 1
    if not jaribio:
        chapisha(mistari)
    return 0
```

Amri `python sasisha.py --dry-run` huipa `jaribio` thamani ya kweli, na swali la kama ni jaribio au la huulizwa mara moja tu, mwishoni kabisa, baada ya kuleta, kusoma na kukagua kumalizika. Swali hilo likitawanywa katika kila hatua, jaribio na kazi halisi hugeuka polepole kuwa programu mbili tofauti, na kufaulu kwa moja hakuthibitishi chochote kuhusu nyingine. Namba inayorudishwa mwishoni, ikipitishwa kwa `sys.exit`, nayo ina kazi yake, kwa kuwa sifuri huiarifu kompyuta kwamba mambo ni shwari, ilhali moja huiarifu kwamba kuna kasoro, hata pale ambapo hakuna mtu aliyeketi mbele ya skrini.

Kasoro inayofaa kutazamwa kwa karibu ni ya vipimo. Katika faili hilo mahindi meupe huweza kuandikwa kwa `KG`, ambayo ni bei ya rejareja ya kilo moja, au kwa `90 KG`, ambayo ni bei ya jumla ya gunia zima, na jina la bidhaa likabaki lilelile. Chukuliwe, kwa mfano tu, kwamba jedwali la sasa linaonyesha kilo ya mahindi Lodwar kuwa shilingi 70, na kwamba faili jipya lina mstari wa gunia wenye bei ya shilingi 6,300. Skripti inayochuja kwa jina la bidhaa peke yake itachukua 6,300 kuwa bei ya kilo, na jedwali litaonyesha kupanda mara 90 kwa usiku mmoja. Ukaguzi unaogawanya bei mpya kwa bei iliyotangulia hulinasa kosa hilo mara moja, na ripoti iliyoandikwa vizuri hutaja soko, bidhaa, kipimo, bei ya zamani na bei mpya kwenye mstari mmoja, ili msomaji atambue kwamba 90 ni uzito wa gunia wala si mfumuko wa bei.

Kikomo cha uwiano huo hakina budi kuwekwa kwa kuijua nchi yenyewe. Bidhaa nyingi zinazotoka Kitale hupita Lodwar kabla ya kufika Kakuma, umbali wa takriban kilomita 120 zaidi, na hivyo bei inayopanda katika masoko yote mawili huelekea kuwa ya kweli, huku ile inayoruka katika soko moja tu ikistahili kutiliwa shaka. Hata hivyo, mafuriko katika mito ya msimu yanaweza kuikata barabara kati ya miji hiyo na kuipandisha bei ya Kakuma peke yake kwa haki kabisa. Kwa hiyo ukaguzi husimamisha uchapishaji na kuonyesha kilichoonekana, lakini uamuzi hubaki kwa mtu anayelifahamu soko, naye hupewa njia ya kuidhinisha badiliko hilo mahususi bila kuuzima ukaguzi wote.

Tatizo la pili ni gumu zaidi kuonekana. Skripti nyingi hutunza tarehe ya mwisho iliyoshughulikiwa ili mara ijayo zichukue mistari mipya tu, na iwapo hatua ya kusoma ndiyo inayoisogeza tarehe hiyo, basi jaribio huisogeza pia. Hapo jaribio hufaulu bila dosari, kisha kazi halisi inayofuata haikuti mstari wowote mpya na haichapishi kitu, na bei za mwezi mzima hukosekana bila onyo lolote. Tarehe hiyo yapaswa kuandikwa ndani ya `chapisha`, baada ya jedwali kukaa mahali pake. Dosari hii hugunduliwa kwa kuendesha jaribio mara mbili mfululizo juu ya faili lilelile, kwa maana ripoti mbili zisipolingana kuna kitu kilichoandikwa ambacho hakikupaswa kuandikwa.

Tatizo la tatu hutokana na muda unaopita kati ya jaribio na uchapishaji. Mkaguzi akisoma ripoti asubuhi na uchapishaji ukafanyika jioni kwa kuleta data upya, huenda chanzo kimebadilika katikati, na kilichochapishwa kikawa si kile kilichokaguliwa. Dawa yake ni kwamba jaribio lihifadhi faili lililoletwa katika folda ya pembeni, ambayo wasomaji hawaioni wala kazi ijayo haiitegemei, pamoja na alama yake ya `sha256`, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na maudhui ya faili na kubadilika hata baiti moja inapobadilika. Uchapishaji hulichukua faili hilohilo, huikokotoa alama upya, na hukataa kuendelea ikiwa alama mbili hazifanani.

Jaribio lina mpaka wake pia, kwa kuwa haligusi hatua ya mwisho na kwa hiyo haliwezi kufichua nenosiri lililokwisha muda, diski ya seva iliyojaa, au mtandao unaokatika faili likiwa limepakiwa nusu. Kwa hatari hizo `chapisha` huandika kwanza jedwali jipya kwa jina la muda, hulisoma tena na kuhesabu mistari yake, kisha ndipo hubadilisha jina na kuliweka mahali pa lile la zamani.