Kufua Mbele ya Hadhara

Mfanyabiashara aletaye sabuni mpya ya unga sokoni ana njia mbili za kuinadi: aisifu kwa kipaza sauti tangu asubuhi hadi jioni, au aweke beseni chini, akunje mikono ya nguo yake, akafue nguo chafu mbele ya wanawake ambao wamefua kila wiki tangu utotoni na hawadanganyiki kwa povu. Njia hii ya pili ndiyo niisifuyo hapa, kwa kuwa ndani yake mna tadbiri nyingi asizoziona mpita njia, na fundi aliyezipanga vyema huwa amekwisha maliza sehemu kubwa ya kazi yake kabla mtu wa kwanza hajasimama kumtazama.

Nilipata kuifuata kazi hiyo kwa karibu katika soko la Tandika, wilayani Temeke, Dar es Salaam, ambako mama mmoja mwenye tajiriba ndefu ya promosheni alikabidhiwa sabuni ambayo bado haikuwa na jina midomoni mwa watu. Wenye mali walitamani apelekwe Kariakoo, kwa sababu ya wingi wa watu. Yeye akakataa, akasema kwamba wanunuzi wengi wa Kariakoo huja kununua kwa jumla, na mnunuzi wa jumla huuliza bei na faida, hali yule aendaye Tandika kutafuta mchicha na dagaa wa mchana ndiye atakayeinama juu ya beseni jioni yake. Akachagua Jumamosi inayofuata mishahara ya mwisho wa mwezi, siku ambayo sare za shule zimelundikana nyumbani zikingoja kufuliwa, na akaomba nafasi ya saa mbili asubuhi hadi saa sita. Idhini ya Manispaa na ya uongozi wa soko aliitafuta mapema, pamoja na ridhaa ya wenye meza za jirani, ambao watu wakijazana mbele ya biashara zao wana haki ya kulalamika.

Jambo la kwanza alilolitazama lilikuwa maji. Waama hapa ndipo siku nyingi za maonyesho huharibika bila mwenyewe kujua sababu, maana fundi asiye mwangalifu huja na maji ya bomba kutoka kiwandani, sabuni ikatoa povu kama pamba na nguo ikameta, kisha mnunuzi akarudi kwake, akachota maji ya kisima chenye chumvi, akaona povu likizimika na nguo ikibaki na utando, akahukumu kwamba amehadaiwa. Na kwa kweli amehadaiwa, ijapokuwa hakuna aliyekusudia. Watu wengi wa mitaa ile hutumia maji ya visima, na mengi yana madini ya chokaa, ambayo hukamatana na sabuni ya mche yakaigeuza kuwa utando mweupe usiosafisha kitu. Mama yule aliomba maji katika kisima cha nyumba iliyo karibu na soko, akayatia nusu ya chupa, akadondosha vipande vidogo vya sabuni ya mche vilivyoparuzwa kwa kisu, akatikisa. Maji matamu hutoa povu linalodumu. Yale yaligeuka mawingu kama maji ya kuoshea mchele, na povu likafa kabla hajaiweka chupa chini.

Sabuni ya unga huvumilia maji ya namna hiyo zaidi ya sabuni ya mche, kwa kuwa ndani yake hutiwa chumvi maalumu zinazoyashika madini hayo kabla hayajaifikia nguvu ya kusafishia. Lakini uvumilivu huo una mpaka wake. Kwa hiyo siku chache kabla ya maonyesho alijifungia uani na maji yale yale ya kisima, akapima. Pakiti iliagiza vijiko vitatu vya chakula kwa lita kumi. Kwa vijiko vitatu kola za mashati zilibaki na mstari, kwa vijiko vinne mstari ulififia, kwa vijiko vitano ukatoka. Wenye mali hawakupenda kusikia kwamba mnunuzi atatumia zaidi ya ilivyoandikwa. Yeye akashikilia kwamba hadhara itaambiwa waziwazi: vijiko vitatu kwa maji matamu, vitano kwa maji ya chumvi, kwani lau wangefichwa siku hiyo wangejua wenyewe kesho yake. Nilimheshimu sana kwa neno hilo.

Kisha akapiga hesabu ya maji. Kila duru ilihitaji mabeseni mawili, la sabuni mpya na la sabuni ya kawaida, lita kumi kila moja, na kusuuza mara mbili kwa kiasi kile kile, jumla lita sitini. Duru sita ni lita 360. Ukiongeza ya kunawa na kuoshea vyombo, unapata lita 400, yaani madumu ishirini ya lita ishirini. Yote yalitoka kisima kimoja, na mtu wa kuyabeba alilipwa jana yake, maana katikati ya asubuhi ya Jumamosi hapatikani mkokoteni Tandika kwa bei yoyote ya haki.

Baada ya maji huja madoa, nayo yana elimu yake. Doa bichi halina ushahidi wowote, kwani mchuzi uliomwagika sasa hivi hutoka kwa urahisi kuliko uliokwisha kauka, na mwanamke mzoefu akiona doa linatiwa na kufuliwa papo hapo hutabasamu akaenda zake. Madoa yake yalilala usiku mzima juu ya vipande vya shuka ya pamba: chai ya maziwa, damu ya samaki, mchuzi wa bizari. Uchafu wa kola hakuutengeneza, maana jasho na mafuta ya shingo hayaigiki. Aliazima mashati meupe ya shule kwa majirani, kila shati likiwa limevaliwa juma zima, na malipo yake yakawa kufuliwa. Kila kipande cha shuka kilichanwa nusu kwa nusu mbele ya watu, nusu moja ikaingia katika sabuni mpya, ya pili akapewa mwanamke yeyote wa hadhara aifue kwa sabuni aliyokuwa nayo kikapuni, kwa mkono wake na kwa nguvu zake zote.

Tatizo kubwa lilikuwa wakati. Sabuni ile ilikuwa na vimeng'enya, ambavyo huikatakata damu na jasho mpaka viachane na uzi, na kazi hiyo haifanyiki kwa kufikicha bali kwa kuloweka, walau nusu saa. Joto la maji ya Dar es Salaam linavitosha bila kuni wala mkaa. Maji yanayochemka huviua. Lakini nani atasimama sokoni nusu saa akitazama beseni lililotulia? Na ukileta nguo iliyokwisha lowekwa, nani atakuamini? Aliamua hivi: mwanamke mmoja wa hadhara hufunga fundo la uzi wa rangi aipendayo pembeni mwa kitambaa, kitambaa kinalowekwa mbele yake, naye anaambiwa aende kununua nyanya zake kisha arudi. Mabeseni yalipishana, moja likiiva wakati jingine linaanza, hata kila aliyefika alikuta kitu cha kushuhudia. Na wanawake walirudi. Waliinama kulitafuta fundo lao kwanza, kabla hawajatazama doa, na hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu namna imani ya mtu inavyojengwa.

Lililotia hofu zaidi ni doa la bizari. Sabuni ya unga ina ukali wa magadi, na manjano yaliyomo ndani ya bizari, yakiguswa na ukali huo, hugeuka mekundu ghafla. Kitambaa kilipozama, doa la njano likawa jekundu kama damu, na mama mmoja mnene aliyekuwa mbele akapaza sauti, "Jamani, sabuni inaunguza nguo!" Fundi mwingine angelikiepuka kitambaa hicho kabisa. Yeye alikileta makusudi, kwa kuwa alijua kwamba kila mwenye kufua atakutana na wekundu ule nyumbani, akiwa peke yake, bila mtu wa kumweleza. Akasema kwa upole, "Haijaungua, mama. Nipe ndimu moja hapo kwa jirani." Akaikata, akaikamua juu ya doa, na wekundu ukarudi njano machoni mwao. Wengine walishika vinywa. Akawafahamisha kwamba ukali huligeuza doa na uchachu hulirudisha, kwamba njano inayobaki baada ya kusuuza itafifishwa na jua kali, na kwamba nguo hiyo haitakiwi kuanikwa kivulini. Kitambaa kikatundikwa juani pale pale, na kufikia saa sita kilikuwa kimepauka kiasi cha kuhitaji kulitafuta doa kwa kidole.

Kivuli chenyewe kilimshughulisha pia. Waliokodishwa kuleta turubai walileta la bluu, akalirudisha alfajiri na kutaka jeupe, kwa sababu chini ya turubai la bluu kila cheupe huonekana kibluu na hakuna awezaye kuhukumu. Kamba ya kuanikia aliifunga nje ya kivuli, kwa kuwa ile dawa ya kung'arisha weupe iliyomo katika sabuni nyingi za unga hufanya kazi yake kwa nuru ya jua, na nguo iliyotazamwa kivulini haikupewa haki yake.

Yako madoa aliyoyakataa kwa kinywa chake mwenyewe. Alipoletewa kanga yenye utomvu wa ndizi, hakuiingiza katika beseni. Alisema sabuni yake hailiwezi doa hilo, wala la kutu ya bati. Mwenye kanga akanunua vifuko viwili.

Kuhusu bidhaa yenyewe, wiki ile alikuwa amekwisha pita katika maduka yanayolizunguka soko na kuacha katoni katika kila duka lililokubali, maana mtu akivutwa Jumamosi na asiikute sabuni Jumatano katika duka la mtaa wake, mvuto wote umekwenda kwa sabuni nyingine iliyoko rafuni. Mauzo ya siku ile hakuyaandika kwa wino wa furaha, kwani palikuwa na zawadi za ndoo na watu hununua kwa ajili ya zawadi. Alingoja wiki mbili, akarudi dukani kwa kila aliyepewa katoni, akauliza swali moja tu: umeagiza tena? Waliojibu ndiyo aliwauliza ni akina nani wanunuao, na kama wanachukua vifuko vidogo vya kufulia mara moja au pakiti kubwa, kwa sababu mwenye kuhama kutoka kifuko kwenda pakiti amekwisha ifua nguo yake, kwa maji yake, na ameridhika.