Karafuu Iliyolala Majini

Kwenye rafu ya juu ya jiko langu kulikuwa na chupa mbili. Moja ilikuwa na karafuu nzima za miaka 2, nyingine viungo vya pilau vilivyosagwa miezi 8 nyuma. Ungedhani ile changa ndiyo kali. Sivyo.

Karafuu nilizipima kwa glasi ya maji, nikadondosha tano. Karafuu yenye nguvu huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Iliyochoka huelea ikiwa imelala ubavu. Sababu ni mafuta yake: karafuu nzuri hubeba mafuta ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, nayo ni mazito kuliko maji. Zangu nne zilisimama, moja ikalala. Nilipobinya kichwa cha mojawapo kwa ukucha, unyevu wa mafuta ulijitokeza. Miaka 2, na bado nzima.

Ile chupa ya unga ilikuwa habari nyingine. Mafuta ya kiungo hukaa kwenye vifuko vidogo ndani ya punje au ganda. Ukisaga, vifuko vinapasuka, harufu inaanza kuondoka siku hiyohiyo. Ndiyo maana kiungo kizima hudumu miaka 2 au 3, na cha unga huanza kufifia baada ya miezi 6 hivi. Nilisugua kidogo kiganjani, nikanusa: vumbi, na uchungu kwa mbali. Tena ulikuwa na madonge, kosa langu mwenyewe, maana nilikuwa nautikisa kutoka chupani moja kwa moja juu ya sufuria inayofuka mvuke. (Karafuu ya unga ya dukani ina shida nyingine: huwezi kujua kama imechanganywa na makonyo, ambayo mafuta yake ni kidogo sana.)

Je, moto huirudisha harufu? Hapana. Moto huamsha harufu iliyobaki tu. Iliyokwisha kuondoka hairudi tena. Binzari nyembamba nzima ikaange kavu, moto mdogo, dakika 1 au 2, ukiitikisa. Ikinukia, imwage papo hapo kwenye sahani baridi, kwani kikaango huendelea kuiunguza hata kikiwa nje ya moto. Iache ipoe kabisa kabla ya kutwanga, la sivyo mvuke utabaki chupani. Unga usiukaange kavu, huungua upesi. Utie kwenye mafuta ya kitunguu, nusu dakika, kisha nyanya au supu ifuate.

Sasa natwanga kwa kinu viungo vya wiki 2 au 3 tu. Iliki nabandua maganda siku ya kupika, kwa kuwa ganda ndilo kifuniko cha mbegu. Chupa zinabana vizuri na zimehama kutoka rafu ile ya juu ya jiko kwenda kabati lenye giza.

Kabla ya hapo, ule unga wa zamani niliwahi kuuongeza maradufu ili kufidia. Pilau likawa jeusi na chungu, harufu haikuja.