Pingili ya saba nyuma ya mabega

Tuchukue mfano wa kijana anayesafirisha mikungu ya ndizi kwa baiskeli huko Butihinda, kwenye miteremko ya kuelekea mpaka wa Kobero. Breki zinamshinda, anarushwa, anaangukia kisogo na bega. Anafika hospitali akiwa amevalishwa kola ya shingo. Ukimgusa nyuma ya shingo, katikati kabisa, anaumia, na kidole cha kati cha mkono wa kulia kina ganzi. Dalili moja kati ya hizo mbili ingetosha kuagiza picha.

Picha zinazohitajika ni 3: ya ubavuni, ya mbele, na ile inayopigwa mdomo ukiwa wazi ili kuona pingili mbili za juu. Inayobeba kazi kubwa ni ya ubavuni, na ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi. Shingo ina pingili 7, lakini mabega ya mtu mwenye misuli huifunika ya 7, na wakati mwingine hata ya 6. Picha ya kijana wetu inaonyesha pingili 6 zilizopangika vizuri, kisha weupe mtupu. Hapo wengi huandika kwamba shingo ni nzima. Mimi nasema picha hiyo haijakamilika, kwa sababu ni lazima ukingo wa juu wa pingili ya kwanza ya kifua uonekane.

Basi inarudiwa. Msaidizi anasimama miguuni na kuvuta mikono yote miwili taratibu kuelekea chini, ili mabega yashuke. Ganzi ikizidi, au mkono ukiwa umevunjika, havuti. Ikishindikana, mkono mmoja huinuliwa juu ya kichwa na mionzi ikapitishwa kwapani, shingo yenyewe isiguswe. Picha hiyo huwa na vivuli vingi na kuisoma ni kazi.

Safari hii pingili ya 7 imeonekana, sasa mistari ikaguliwe. Wa kwanza unafuata kingo za mbele za pingili, toka juu hadi chini. Wa pili unafuata kingo zao za nyuma, ambako ndipo mfereji wa ugwe wa mgongo unapoanzia. Wa tatu unapita nyuma ya mfereji huo, pale matao ya pingili yanapokutana na miiba yake. Yote mitatu inapaswa kupinda polepole bila kuvunjika popote. Naanza na wa pili, kwa sababu ukivunjika, nafasi ya ugwe imeguswa.

Kwa kijana wetu mstari huo umekatika kati ya ya 6 na ya 7. Pingili ya 6 imetangulia mbele kwa milimita 4, na kina chake ni milimita 16, yaani imeteleza kwa robo. Kipimo hicho kina maana: robo huelekeza kwenye kiungo kidogo cha pembeni kilichoruka upande mmoja, nusu au zaidi huelekeza kwenye pande zote mbili. Picha ya mbele inakubaliana nacho. Miiba ya pingili kuanzia ya 6 kwenda juu imehamia kulia, upande ule ule wenye ganzi.

Kwa mtoto mdogo, tahadhari. Pingili ya 2 huweza kusogea kidogo mbele ya ya 3 bila jeraha lolote. Hapo chora mstari kati ya tao la pingili ya 1 na la ya 3. Tao la ya 2 likipishana nao kwa zaidi ya milimita 2, usilipuuze.

Kama picha imeshasema yote haya, CT ya nini? Eksirei hulaza mifupa yote juu ya karatasi moja, na haionyeshi vizuri vipande vilivyomeguka kwenye kiungo kilichoruka wala vilikoelekea. CT hukata shingo vipande vyembamba, na daktari wa upasuaji huona kama kuna kipande kilichoingia mferejini. Sababu ya pili ni wale ambao picha zao zinaonekana safi. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta eksirei hunasa takriban asilimia 52 ya majeraha ya shingo, CT asilimia 98. Ndiyo maana hospitali kubwa nyingi huanza na CT moja kwa moja kwa mtu mzima aliyeumia vibaya. Nayo ina mpaka wake: kano zilizochanika na ugwe uliopondeka huonekana vizuri kwa MRI.

Ili kupata vipimo hivyo, aliyeko Butihinda huenda akalazimika kuvuka nchi hadi Bujumbura. Asafiri amelala chali, kola ikiwa shingoni, na akigeuzwa, watu 4 wamgeuze kwa pamoja, mmoja akishika kichwa na kutoa amri. Barua ya rufaa iandike pingili zipi zilionekana na zipi hazikuonekana, kidole kipi kina ganzi, na saa ilipoanza.